Ramani ya maumivu ya tumbo: kutoka kidole cha mgonjwa hadi barua ya rufaa

Ukimuuliza mgonjwa tumbo linauma wapi, wengi hupitisha kiganja kizima kuanzia chembe cha moyo hadi kinena na kusema, "Hapa hapa, lote." Mwanafunzi huandika "maumivu ya tumbo" na kuendelea na swali jingine. Usifanye hivyo. Mkono unaopita tumbo zima unasema jambo moja na kidole kimoja kinachogusa sehemu moja kinasema jingine, na tofauti ya hivyo viwili ndiyo ramani yenyewe.

Mwongozo huu ni kwa wanaosomea utabibu na wale walio mwaka wa kwanza kazini, hasa katika zahanati na vituo vya afya ambako altrasaundi iko mbali au haipo usiku. Nitatumia muda mwingi kwenye robo ya chini kulia, kwa sababu ndiyo inayotuchanganya zaidi na ndiyo inayoua watu wenye umri mdogo.

Kwanza, elewa kwamba tumbo lina ramani mbili

Utumbo, mfuko wa nyongo na kidole tumbo havihisi kukatwa, ila vinahisi kuvutwa, kutanuka na kukosa damu. Taarifa hiyo hupita kwenye neva zinazoingia uti wa mgongo kutoka pande zote mbili, hivyo ubongo unashindwa kujua ni kulia au kushoto. Maumivu huhisiwa katikati, hayana mpaka, mgonjwa anahangaika, anatoka jasho na kutapika. Huyu ndiye anayepitisha kiganja.

Hata hivyo katikati kuna ngazi tatu. Tumbo la chakula, mwanzo wa utumbo mwembamba, ini, nyongo na kongosho huuma kwenye chembe. Sehemu kubwa ya utumbo mwembamba, kidole tumbo na nusu ya kwanza ya utumbo mpana huuma kuzunguka kitovu. Sehemu ya mwisho ya utumbo mpana huuma chini ya kitovu, jirani na kibofu. Mgawanyo huu umetokana na jinsi mimba inavyotengeneza utumbo katika vipande vitatu, kila kimoja na mshipa wake wa damu na neva zake.

Ramani ya pili ni ya utando unaofunika ukuta wa tumbo kwa ndani. Huo una neva kama za ngozi. Ugonjwa ukishaugusa, mgonjwa anaonyesha kwa kidole kimoja, maumivu yanakuwa makali na yasiyobanduka, na anaogopa kujigeuza, kukohoa au kupanda pikipiki. Swali la jinsi alivyofika kwako lina faida: akisema kila tuta la barabarani lilimkata tumbo, utando umeguswa.

Kwa hiyo maswali ya mahali ni matatu: maumivu yalianzia wapi, sasa yako wapi, na yanakwenda wapi. Yaandike yote. Robo ya tumbo ambayo mgonjwa anaonyesha sasa hivi ni jibu la swali moja tu kati ya hayo.

Chora mistari, kisha weka mkono

Vuta mstari wa wima na wa mlalo vikatane kwenye kitovu. Unapata robo nne: juu kulia, juu kushoto, chini kulia na chini kushoto. Vitabu vingine hugawa tumbo sehemu tisa. Mimi natumia robo nne na kuongeza vituo vitatu vya katikati, yaani chembe, kitovu na chini ya kitovu, kwa sababu ndivyo vinavyolingana na zile ngazi tatu.

Kabla ya kugusa, mtazame akiwa hajui kama uchunguzi umeanza. Anayegaagaa bila kupata mkao, huku ameshika ubavu, fikiria jiwe la figo. Aliyelala tuli kama gogo, magoti yamekunjwa, anapumua kwa kifua tu, fikiria utando uliovimba tumbo zima. Hesabu mapigo ya moyo na pumzi mwenyewe, pima presha na joto. Namba hizi nne zina uzito kuliko kibonyezo chochote.

Mlaze chali, magoti yakunjwe kidogo, tumbo wazi kuanzia chini ya matiti hadi kwenye kinena. Mwombe akohoe, na aonyeshe kwa kidole kimoja panapouma akikohoa. Jipashe mikono joto, kisha anza kubonyeza robo iliyo mbali kabisa na hapo, taratibu, ukiangalia uso wake na siyo mkono wako. Anayekaza misuli kwa woga utamlegeza kwa kumwongelesha kuhusu watoto au shamba. Misuli iliyokakamaa kwa sababu ya utando hailegei hata akicheka.

Ile desturi ya kubonyeza ndani kabisa na kuachia ghafla inaumiza bila kukuongezea mengi. Gonga kwa kidole juu ya kidole, taratibu, kama unavyogonga kifua. Ikiwa kugonga huko kudogo kunamfanya akunje uso, umepata jibu lako.

Malizia mahali ambapo wengi wanaacha: vinena vyote viwili kutafuta ngiri iliyonasa, na korodani. Kijana wa miaka 14 anaweza kukwambia tumbo la chini linauma kwa kuwa anaona haya kutaja panapouma hasa. Korodani iliyojinyonga ina takriban saa sita tangu maumivu yaanze kabla ya uwezekano wa kuiokoa kuanza kushuka haraka.

Chini kulia

Anza na kidole tumbo, maana hadithi yake inafundisha ramani zote mbili kwa mpigo. Mwanzoni kinatanuka kwa ndani, na kwa kuwa ni cha ngazi ya kitovu, mgonjwa anaumwa kitovuni na kupitisha kiganja. Hamu ya chakula inakwisha, kichefuchefu kinaingia, pengine anatapika mara moja mbili. Baada ya saa kadhaa, mara nyingi ndani ya siku moja, uvimbe unagusa utando na maumivu yanahamia chini kulia. Sasa anaonyesha kwa kidole. Mahali hapo pa kawaida ni theluthi moja ya njia kutoka ncha ya mbele ya mfupa wa nyonga kwenda kitovuni, alama ambayo daktari mpasuaji wa New York, Charles McBurney, aliieleza mwaka 1889. Homa huja mwishoni, na kwa kawaida si kali sana.

Mpangilio huo ni muhimu kuliko dalili zenyewe. Aliyeanza kutapika na kuharisha, kisha tumbo likafuata, ana uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa na maambukizi ya utumbo. Aliyeanza na homa kali ya siku kumi au zaidi ndipo tumbo la chini kulia likachachamaa, fikiria taifodi iliyotoboa mwisho wa utumbo mwembamba. Hutokea zaidi kuanzia wiki ya pili au ya tatu ya ugonjwa, na maumivu hayakai kwenye robo hiyo muda mrefu kabla ya kuenea tumbo zima.

Kidole tumbo hakilali mahali pamoja kwa watu wote. Kikiwa nyuma ya utumbo mpana, ukuta wa mbele unaweza kuwa laini kabisa, lakini mgonjwa akilala ubavu wa kushoto na wewe ukauvuta mguu wake wa kulia kwa nyuma, analalamika. Kikining'inia kwenye nyonga, kinakera kibofu na njia ya haja kubwa: anakojoa mara kwa mara, anaharisha kidogo, na mkojo ukipimwa unaonyesha chembe nyeupe chache. Hapo ndipo anapoandikiwa dawa za UTI na kurudishwa nyumbani. Angalia pia yule aliyekuwa analia kwa maumivu, ghafla akasema "sasa nafuu", lakini mapigo ya moyo yanazidi kupanda. Kidole tumbo kinaweza kuwa kimepasuka. Nafuu hiyo ni ya saa chache.

Sasa tuchukue mgonjwa mmoja. Nimemtunga, ila hakuna kipande chake ambacho hutakutana nacho.

Dada wa miaka 26, muuza mitumba, anafika kituoni asubuhi. Tumbo la chini kulia linamuuma tangu usiku. Juzi alipita duka la dawa akaambiwa ni UTI, akanunua vidonge. Daftari lake lina kipimo cha Widal kilichosomeka "chanya" mwezi uliopita. Kipimo hicho kimoja hakitoshi kusema mtu ana taifodi leo, kwa hiyo kiweke pembeni. Joto ni 36.9, mapigo ya moyo 118, presha 96/60, pumzi 24 kwa dakika.

Simama kwenye namba hizo kabla hujamgusa. Mapigo 118 yangeelezeka kama angekuwa na joto la 39. Hana homa. Kitu kingine kinaukimbiza moyo, na kwa mwanamke mwenye umri wa kuzaa kitu hicho ni damu mpaka ithibitike vinginevyo. Mapigo yakizidi namba ya juu ya presha, kama hapa, usisubiri presha ishuke zaidi ndipo uamini.

"Dada, hedhi ya mwisho ilikuja lini?"

"Wiki iliyopita, daktari."

"Ilikuja kama kawaida yako?"

"Hapana, madoa tu. Nyeusi nyeusi, siku mbili ikakata."

"Na ile ya kabla ya hapo, iliyokuja vizuri?"

Anahesabu kwa vidole. Wiki saba. Mwanafunzi aliyeridhika na jibu la kwanza angeandika "hedhi wiki moja iliyopita" na mlango ungefungwa. Endelea na maswali ya mahali. Yalianzia wapi? Hapo hapo chini kulia, ghafla, hayakupita kitovuni. Yanakwenda wapi? Anasita, kisha anasema bega linamuuma, amedhani ni kwa kubeba marobota. Linazidi akilala chali. Alfajiri alipoinuka kwenda chooni aliona giza.

Bega ni sehemu ya ramani ya tumbo. Damu iliyomwagika ikifika chini ya kiwambo kinachotenganisha kifua na tumbo, inakera neva inayotoka shingoni, na ubongo unasikia maumivu kwenye ncha ya bega. Ukiligeuza au kulibonyeza bega lenyewe hakuna kinachobadilika.

Kipimo cha mimba cha mkojo kinachukua dakika chache. Asipoweza kukojoa, weka mpira. Ni chanya. Mimba, maumivu upande mmoja na dalili za kupoteza damu: ni mimba nje ya kizazi iliyopasuka, na anahitaji chumba cha upasuaji. Weka kanula mbili nene, toa damu ya kupima kundi na kuoanisha, piga simu hospitali ya rufaa kabla gari halijaondoka, na ndugu wanaoweza kuchangia damu waende naye. Maji ya mshipani mpe ya kumfanya aendelee kukuongelesha na presha ya juu ikae karibu na 90. Ukimjaza hadi 120 unaongeza uvujaji. Ukipima wingi wa damu ukapata 10.8, usitulie: anayevuja sasa hivi anapoteza chembe za damu na maji yake kwa pamoja, kwa hiyo kipimo kinachelewa kushuka. Wala usimpange foleni ya altrasaundi mjini akiwa katika hali hii.

Kama kipimo kingekuwa hasi, bado kungebaki ovari iliyojinyonga (ghafla, kichefuchefu kikali, maumivu yanakuja na kuondoka), maambukizi ya mirija ya uzazi (mara nyingi pande zote mbili, na uchafu ukeni), jiwe linaloshuka kutoka figo la kulia, na kidole tumbo chenyewe. Sheria yangu kwa wanafunzi ni fupi: mwanamke yeyote anayeweza kubeba mimba, tumbo likiuma popote, kipimo cha mimba kwanza. Hata akisema ana sindano, kijiti au amefunga kizazi.

Juu kulia na chembe

Hapa wanakaa ini na mfuko wa nyongo. Mawe ya nyongo huanza kwenye chembe, kwa ngazi ile ile ya katikati, mara nyingi jioni baada ya mlo wenye mafuta, kisha huhamia chini ya mbavu za kulia na kuchoma nyuma karibu na bega. Weka vidole chini ya mbavu na umwambie avute pumzi ndefu. Pumzi ikikatika katikati, mfuko umevimba. Usiwasahau wenye seli mundu. Chembe nyekundu za damu yao zinavunjika kila siku, na mawe huwapata hata utotoni.

Kwetu, mwanaume aliye katika umri wa kufanya kazi mwenye homa, jasho la usiku na maumivu juu kulia anastahili kufikiriwa jipu la ini la amiba. Bonyeza kwa kidole kimoja kati ya mbavu za chini kulia: akiruka, umekaribia. Wengi hawaharishi kabisa wakati huo, kwa hiyo choo kizuri hakikuondolei wazo hilo. Linatibika kwa metronidazoli, na ndiyo maana inauma kulikosa.

Kisha panda juu. Nimonia ya pafu la chini kulia huuma tumboni, hasa kwa watoto. Hesabu pumzi, sikiliza kifua kwa nyuma.

Kwenye chembe, kila mtu ana "vidonda vya tumbo". Neno hilo limekuwa kapu la kila kiungulia, na mgonjwa atakuletea utambuzi huo tayari umeshafungwa. Vidonda huunguza, huamsha mtu usiku, hutulia au kuchachamaa kwa chakula, na historia yake ni ya miezi. Maumivu makali yasiyokoma yanayopenya hadi mgongoni na kupungua kidogo akiinama mbele, hasa kwa mnywaji au mwenye mawe ya nyongo, ni kongosho. Na mtu aliyevuka miaka 40, mwenye kisukari au presha, anayesema "gesi imenibana hapa" huku anatoka jasho, mpime umeme wa moyo kabla ya kumpa dawa ya kupunguza asidi.

Kidonda kilichotoboka kina saini yake: mgonjwa anakutajia alikuwa anafanya nini sekunde maumivu yalipoanza. Ndani ya saa chache tumbo linakuwa gumu kama ubao. Wakati mwingine majimaji hutiririka kufuata mfereji wa upande wa kulia na kukusanyika chini, hivyo anayechelewa kufika anaonyesha robo ya chini kulia na kudhaniwa ana kidole tumbo. Swali la "yalianzia wapi" ndilo litakalokurudisha kwenye chembe. Mkalishe wima dakika kama kumi, kisha eksirei ya kifua akiwa hivyo hivyo; utafute hewa chini ya kiwambo. Isipoonekana, usimwondolee wazo hilo kama tumbo bado ni gumu.

Juu kushoto

Fikiria bandama kwanza. Iliyovimba kwa malaria, au kwa kichocho cha utumbo kwa watu wa kando ya Ziwa Victoria, inaweza kupasuka kwa kishindo kidogo tu: teke la mpira, kuanguka kwenye baiskeli. Bega la kushoto likiuma, kumbuka kiwambo. Ipapase kuanzia chini kulia ukipanda kwa upole, la sivyo bandama kubwa itakuwa nyuma ya mkono wako na utasema haipo. Mtoto mdogo wa seli mundu aliyepauka ghafla na bandama inayokua kati ya asubuhi na jioni amefungiwa damu humo. Anahitaji damu haraka.

Chini kushoto na chini ya kitovu

Vitabu vya Ulaya vitakuambia sababu kuu upande huu ni vifuko vya utumbo mpana vilivyovimba. Kwetu weka mbele kujinyonga kwa utumbo mpana wa kushoto, hasa kwa wanaume wa umri wa kati na wazee. Tumbo limejaa upepo kama ngoma, hajapata choo wala kutoa hewa kwa siku moja au mbili, kutapika kumechelewa. Eksirei ya tumbo inaonyesha kitanzi kikubwa chenye umbo la punje ya buni. Usimpe dawa ya kuendesha. Mengine ya upande huu ni yale yale ya mirija na ovari, kwa hiyo kipimo cha mimba kinabaki pale pale.

Chini ya kitovu, kabla ya kufikiri mbali, gonga: mzee mwenye uvimbe wa chini usiolainika, sauti nzito, anayetokwa matone ya mkojo, amezibwa. Mpira wa mkojo ni kipimo na tiba. Kwa mtoto anayekojoa damu mwishoni mwa mkojo, uliza anaoga wapi.

Wasiofuata ramani

Mzee na mwenye kutumia dawa za steroidi wanaweza kutoboka utumbo wakiwa na tumbo laini na joto la kawaida. Mjamzito wa miezi ya mwisho kidole tumbo chake kinaweza kusukumwa juu, ingawa wengi bado wanaumwa chini kulia. Mwenye kisukari ambaye sukari imepanda sana huumwa tumbo zima na kutapika. Pima sukari kabla ya kumwita mpasuaji. Na mzee mwenye mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio anayelia kwa maumivu huku ukibonyeza huoni cha ajabu, utumbo wake unaweza kuwa umekosa damu. Huyo ni wa kukimbizwa.

Rudia, kisha andika

Mpe dawa ya maumivu. Ile imani kwamba mofini inaficha ugonjwa imeshapimwa na haikuthibitika. Anayepata nafuu kidogo anakuruhusu kumpapasa vizuri zaidi. Kama hujajua ni nini na hali yake si mbaya, mpapase tena baada ya saa mbili hadi nne, mkono ule ule, siyo wa mwenzako wa zamu. Weka alama ya kalamu panapouma, ili uone kama pamehama.

Barua ya rufaa ibebe ramani, muda na namba. Badala ya "maumivu makali ya tumbo, tafadhali mpokee", ya yule dada ingesomeka hivi: "Miaka 26. Maumivu ya ghafla chini kulia tangu saa saba usiku, hayakuhama, sasa na ncha ya bega. Hedhi kamili ya mwisho wiki 7 zilizopita, madoa wiki iliyopita. Mapigo 118, presha 96/60, joto 36.9. Misuli imekaza chini kulia. Kipimo cha mimba chanya. Kanula mbili, maji lita moja, damu ya kuoanisha imetolewa. Nimeongea na zamu ya upasuaji saa 3:20 asubuhi."